Boksi la zawadi ya Siku ya Mama: kwa nini siku ya mwisho ya kuagiza huja mapema, na ahadi ya kufikisha iandikweje

Kila mwaka kuanzia katikati ya Aprili tunaanza kupokea matangazo ya maboksi ya zawadi kwa ajili ya Siku ya Mama. Mengine huletwa studio yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, mengine hutumwa kwa WhatsApp. Na kila mwaka, wiki moja baada ya sikukuu, simu zinazoingia huwa za aina mbili. Msikilizaji analalamika kwamba alilipa lakini boksi lilimfikia mama Jumatano. Muuzaji naye analalamika kwamba mteja alichelewa kuagiza halafu anamtukana.

Tukiyasoma upya matangazo yenyewe, mara nyingi tunaona ugomvi ulianzia kwenye maneno mawili: siku ya mwisho ya kuagiza, na ahadi ya kufikisha. Katika makala haya tunaeleza namna muuzaji anavyopaswa kuyapanga maneno hayo, na namna wewe mnunuzi unavyoweza kuyapima kabla ya kutuma pesa.

Siku yenyewe ni ipi

Siku ya Mama inayoadhimishwa Tanzania, Kenya na Uganda ni Jumapili ya pili ya mwezi Mei. Kwa hiyo tarehe hubadilika kila mwaka, lakini haiwezi kuwa kabla ya tarehe 8 wala baada ya tarehe 14. Mwaka 2026 ni tarehe 10 Mei, na mwaka 2027 ni tarehe 9 Mei.

Desturi hii ilitoka Marekani. Mwanamke aitwaye Anna Jarvis aliandaa ibada ya kuwakumbuka akina mama katika mji wa Grafton, jimbo la West Virginia, tarehe 10 Mei 1908. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson aliitangaza Jumapili ya pili ya Mei kuwa siku rasmi nchini humo. Baadaye Jarvis mwenyewe aliwapinga wafanyabiashara walioigeuza siku hiyo kuwa msimu wa kuuza maua na kadi.

Ukiwa na ndugu Oman au nchi nyingine ya Kiarabu, fahamu kwamba nchi nyingi za huko zina siku yao ya mama tarehe 21 Machi. Ndugu akikupigia Machi kukuuliza kama mmeshamtumia mama zawadi, hajakosea kalenda. Ndiyo maana tangazo halipaswi kusema “Siku ya Mama” peke yake. Litaje tarehe.

Tangazo tunalolipokea mara nyingi

Mfano huu tumeuandika wenyewe, lakini msikilizaji yeyote atautambua:

“Siku ya Mama imefika! Mpe mama furaha! Tuna maboksi ya zawadi ya kila aina kwa bei nafuu kabisa. Wahi sasa, yamebaki machache! Tunakuletea popote ulipo Tanzania. Mwisho wa kuagiza ni kesho saa 6. Piga simu sasa!”

Likisomwa kwa sauti linachangamsha. Lakini jaribu kulitumia kuamua. Hujui ndani ya boksi kuna nini wala ni shilingi ngapi. “Popote ulipo” inaweza kuwa mlangoni kwa mama, na inaweza kuwa stendi ya mkoa, kilomita 80 kutoka kwake. Na “kesho saa 6” ina makosa mawili ndani yake.

Kosa la kwanza ni neno “kesho”. Tangazo likisharekodiwa hupigwa kwa siku kadhaa. Liliporekodiwa Jumatatu, kesho ilikuwa Jumanne. Likipigwa Jumatano, kesho ni Alhamisi. Sisi wenyewe tuliwahi kulirusha tangazo la namna hiyo siku tatu mfululizo bila kulishtukia, na kila siku wasikilizaji wakaongezewa siku moja ambayo muuzaji hakuwa nayo. Siku hizi hatupokei tangazo lenye “leo”, “kesho” au “wiki ijayo” mahali palipotakiwa kuwa na tarehe.

Kosa la pili ni “saa 6”. Anayesoma saa kwa Kiswahili ataelewa saa 6 mchana au saa 6 usiku. Anayesoma namba kwenye simu yake ataona 6:00 na kufikiri ni saa 12, asubuhi au jioni. Kati ya hao wawili kuna tofauti ya saa 6 nzima, inayotosha kulikosa basi. Dawa yake ni kutaja kipindi cha siku kila mara: saa 12 jioni, saa 6 mchana, saa 2 asubuhi. Kwenye ujumbe wa maandishi usichanganye “18:00” na “saa 12”. Chagua namna moja.

Siku ya mwisho huhesabiwa kurudi nyuma

Wauzaji wengi huichagua siku ya mwisho kwa kuangalia lini wateja watakuwa na pesa. Lakini siku ya mwisho hutoka kwenye safari ya boksi. Unaanza na siku ambayo mama anatakiwa kuwa nalo mkononi, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka unapokutana na siku ambayo lazima oda iwe imeingia.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao. Muuzaji yuko Iringa mjini. Mteja ni kijana anayefanya kazi kwenye mashamba ya chai Mufindi. Mama yake yuko kijiji cha jirani na Mlangali, wilayani Ludewa, mkoa wa Njombe. Siku ya Mama ni Jumapili tarehe 10 Mei 2026.

Muuzaji asiahidi Jumapili yenyewe. Siku hiyo ofisi nyingi za mizigo huwa na watu wachache, na huenda mama atakuwa kanisani hadi mchana. Zaidi ya hapo, boksi likikwama Jumapili hakuna siku ya kurekebisha. Kwa hiyo ahadi iwe Jumamosi tarehe 9.

Kutoka Iringa, boksi hupanda basi la Njombe kupitia Mafinga na Makambako. Njombe hushushwa, likahamishiwa kwenye gari la Mlangali. Hapo kwenye kuhamisha ndipo mizigo inapolala. Basi likiingia Njombe mchana, magari mengi ya vijijini yanakuwa yameshaondoka, na boksi litasubiri asubuhi. Mwanzoni mwa Mei mvua za masika huenda hazijakatika, na gari likinasa kwenye tope siku inakuwa imepotea. Muuzaji mwenye busara anaiweka siku moja ya akiba.

Sasa turudi nyuma. Boksi liondoke Iringa Alhamisi tarehe 7 asubuhi. Ijumaa tarehe 8 lipande gari la Mlangali. Mambo yakienda sawa litafika Ijumaa hiyohiyo, na Jumamosi yote inabaki kuwa akiba. Ili liondoke Alhamisi asubuhi lazima liwe limefungwa Jumatano tarehe 6. Ili lifungwe Jumatano, kanga na vitu vingine vinunuliwe na kadi ziandikwe Jumanne tarehe 5. Kwa hiyo oda na malipo viwe vimeingia kabla Jumatatu tarehe 4 Mei haijaisha. Tukiweka saa 12 jioni, muuzaji anapata usiku wa kuandika orodha.

Kwa mama wa Iringa mjini hesabu ni fupi. Boksi lake linapelekwa kwa bodaboda Jumamosi. Oda inaweza kuingia hadi Ijumaa tarehe 8, saa 6 mchana. Muuzaji mmoja basi ana siku za mwisho mbili, na tangazo lazima lizitaje zote mbili, kila moja na mahali pake. Akitaja ya Ijumaa peke yake, wa Mlangali wataagiza Alhamisi na kukosa. Akitaja ya Jumatatu peke yake, anajinyima wateja wa mjini karibu siku nne.

Idadi ya maboksi ni hesabu nyingine

Siku ya mwisho inaweza kuwa sahihi na bado maboksi yakachelewa, kwa sababu mikono ni michache. Tuseme muuzaji wetu anafanya kazi na mdogo wake. Wakianza Jumatano asubuhi, kukunja kanga, kupanga vitu, kubandika majina na kufunga utepe, wanamaliza maboksi 30 kufikia jioni. Basi maboksi ya safari ni 30. Oda ya 31 ikipokelewa, kuna boksi litakalolikosa basi la Alhamisi, na muuzaji hajui litakuwa la nani.

Hapo ndipo maneno “yamebaki machache” yanapokuwa na maana. Kama umeweka kikomo cha 30 na oda 24 zimelipiwa, sema “yamebaki sita” kwenye ujumbe wa siku hiyo. Kama hakuna kikomo, usiseme. Redioni hatushauri kutaja yaliyobaki, kwa sababu idadi itabadilika kabla tangazo halijarudiwa. Taja kikomo: “Maboksi ya safari ni 30 tu.”

Ahadi ina sehemu nne

Ahadi ya kufikisha inayoeleweka hujibu mambo manne: boksi litafika wapi, lini, nani analipa usafiri, na likichelewa itakuwaje.

Kuhusu mahali, kuna tofauti kubwa kati ya stendi na nyumbani. Muuzaji wa Iringa anaweza kulisimamia boksi mpaka stendi ya Mlangali, kwa kuwa ana risiti ya mzigo na namba ya simu ya ofisi au kondakta. Kutoka stendi mpaka kijijini kuna bodaboda asiyemjua. Asipoweza kumhakikisha bodaboda huyo, ahadi yake iishie stendi, na aseme hivyo waziwazi. Mteja atampanga ndugu wa kulichukua. “Tunakuletea popote” ndiyo kauli inayozaa lawama nyingi kuliko zote, maana kila mmoja anaisikia anavyotaka.

Kuhusu fidia, tuangalie inavyogharimu. Bei hizi ni za mfano. Boksi linauzwa shilingi 45,000. Vilivyomo ni doti ya kanga kwa 14,000, majani ya chai kwa 5,000, sabuni kwa 4,000, mafuta ya kujipaka kwa 5,000, na boksi lenyewe pamoja na kadi na utepe kwa 5,000. Jumla ni 33,000, hivyo muuzaji anabaki na 12,000. Usafiri hadi Mlangali ni 10,000, unalipwa na mteja.

Muuzaji akiahidi kurudisha usafiri wote boksi likichelewa, kila boksi lililochelewa linamwachia 2,000 badala ya 12,000. Kati ya maboksi 30, matatu yakichelewa anapoteza 30,000 kutoka kwenye faida ya 360,000. Hilo anaweza kulibeba. Lakini akiahidi kurudisha pesa yote, 55,000, na boksi tayari liko njiani, kila boksi lililochelewa linamla mtaji. Haya matatu yangemtoa 165,000, karibu nusu ya faida yote. Ni afadhali ahadi ndogo itakayotimizwa kuliko kubwa itakayomfanya azime simu Jumapili.

Tangazo la sekunde 60

Dakika moja redioni hubeba maneno kama 110 hadi 130 ya Kiswahili yakisomwa bila kukimbizwa. Hapa ni tangazo la muuzaji wetu, lililoandikwa kutokana na hesabu zote hizo:

“Jumapili tarehe 10 Mei ni Siku ya Mama. Uko mbali naye? Tuma boksi la zawadi. Ndani kuna doti moja ya kanga, majani ya chai, sabuni, mafuta ya kujipaka, na kadi yenye maneno yako mwenyewe. Bei ni shilingi 45,000 bila usafiri. Mama yuko Makambako, Njombe mjini, Ludewa au Mlangali? Agiza na ulipe kabla ya saa 12 jioni, Jumatatu tarehe 4 Mei. Usafiri ni shilingi 10,000. Boksi litakuwa stendi Jumamosi tarehe 9 Mei, kabla ya saa 10 jioni. Likichelewa, tunakurudishia usafiri wote. Maboksi ya safari ni 30 tu. Mama yuko Iringa mjini? Una hadi Ijumaa tarehe 8 Mei, saa 6 mchana. Usafiri ni shilingi 3,000, tunaleta mpaka mlangoni. Piga simu namba…”

Namba ya simu isomwe mara mbili, taratibu, tarakimu mbili mbili au tatu tatu. Anayesikiliza akiwa shambani hana kalamu. Atashika namba mara ya pili.

Angalia pia kilichoachwa. Tangazo halisemi “popote”, halisemi “haraka”, halisemi “kwa uhakika asilimia mia”. Halina hata sentensi ya kumsifu mama, kwa sababu anayesikiliza anamjua mama yake kuliko muuzaji. Nafasi hiyo imetumika kutaja stendi nne kwa majina.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hulisahau. Tangazo hili linakufa Jumatatu saa 12 jioni. Kuanzia hapo kila likisomwa linaongopa. Ukileta tangazo la kwanza, lete na la pili, lenye Iringa mjini peke yake, na utuandikie tarehe na saa ya kubadilisha. Fanya hivyo pia kwa picha uliyoiweka kwenye hali ya WhatsApp na kwenye makundi, kwa sababu watu huisambaza mpaka baada ya sikukuu. Tarehe ikiwa imeandikwa ndani ya picha yenyewe, anayeiona amechelewa atajua.

Majibu matatu ya kuandaa mapema

Tangazo huleta simu, na simu nyingi hufanana. Muuzaji akiwa na majibu tayari, hataahidi kwa huruma jambo lisilowezekana.

Jibu la kwanza ni la oda iliyokubaliwa. Litumwe kwa maandishi mara tu malipo yanapoingia: “Kaka, tumepokea shilingi 55,000. Boksi moja kwenda stendi ya Mlangali, mpokeaji ni mama (jina la kwenye kitambulisho). Litafika kabla ya saa 10 jioni, Jumamosi tarehe 9 Mei. Likipakiwa Alhamisi tutakutumia picha ya risiti ya mzigo. Naomba namba ya pili ya mtu wa karibu na mama.”

Jina la kwenye kitambulisho lina sababu yake. Kijijini watu wanamwita Mama Neema, na ofisi ya mizigo ikidai kitambulisho, jina hilo halimo. Boksi linakaa stendi huku mama amesimama mbele yake. Na namba ya pili ni ya kaka, binti au jirani. Simu ya mama inaweza kuwa imezimwa, na kama zawadi ni ya kumshtukiza, hutaki muuzaji ampigie yeye.

Jibu la pili ni la aliyechelewa. Anapiga Jumanne tarehe 5, mama yuko Ludewa. Muuzaji aseme: “Dada, basi la kufika kabla ya Jumapili limeshajaa oda. Siwezi kukuahidi. Naweza kulituma Jumatatu tarehe 11, lifike Jumatano tarehe 13. Ukikubali, kadi nitaipiga picha leo nikutumie, umtumie mama siku yenyewe.” Hapo mteja anachagua akiwa anajua. Asiye tayari ataondoka, na hilo halina hasara.

Jibu la tatu ni la boksi lililokwama, na ndilo gumu. Likwame Ijumaa Njombe, muuzaji atajua jioni hiyo akipiga simu ofisi ya mizigo. Ampigie mteja kabla mteja hajapiga: “Kaka, boksi la mama limelala Njombe, gari la leo halikwenda kwa ajili ya tope. Litapanda kesho saa 12 asubuhi. Bado tuko ndani ya muda. Nitakupigia kesho saa 6 mchana nikueleze liko wapi.” Mteja aliyeambiwa Ijumaa anaweza kumwambia ndugu asiende stendi bure. Akigundua mwenyewe Jumamosi jioni, hata boksi likifika ataona alidanganywa.

Kwa wewe unayenunua

Kabla ya kulipa, fanya hesabu ileile ya kurudi nyuma. Chukua Jumamosi kabla ya sikukuu, toa siku za safari unazozijua wewe mwenyewe mpaka kwa mama, toa siku moja ya akiba, kisha toa siku mbili za kununua na kufunga. Muuzaji wa mbali akikuambia unaweza kuagiza Ijumaa na boksi lifike kijijini Jumapili, muulize: linaondoka na gari gani, saa ngapi, na linashushwa wapi? Anayefanya kazi hiyo kweli atakujibu bila kufikiri. Akirudia “usijali, litafika”, hana jibu.

Omba picha ya boksi kama litakavyokuwa, na kama kuna kanga, omba picha ya maandishi yake. Kanga ni barua. Yapo maneno ya shukrani na heshima, na yapo ya mafumbo na vijembe ambayo hungependa mama ayavae mbele ya majirani. Muuzaji aliyenunua kanga kwa kuangalia rangi tu anaweza asijue alichofunga ndani.

Unapolipa kwa lipa namba au kwa namba ya simu, simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Lisipofanana na jina la biashara au la muuzaji uliyeongea naye, simama, umpigie kwa namba iliyosomwa redioni. Karibu na sikukuu matapeli huchukua picha za maboksi ya watu wengine na kuziwekea namba zao. Ukipokea ujumbe wa namna hiyo Tanzania, utume kwenda namba 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano imeiweka kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu.

Usifute ujumbe wowote mpaka mama alishike boksi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mkataba uliofanywa kwa njia ya kielektroniki, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Lakini sheria hizo zinahitaji kitu cha kushika. Ujumbe wenye tarehe, mahali na kiasi ulicholipa ni ushahidi. “Aliniahidi kwa simu” ni vigumu kuuthibitisha.

Na boksi likifika, anayelipokea alifungue pale stendi au mbele ya bodaboda, avihesabu vitu kwa kulinganisha na tangazo, apige picha. Doti ya kanga ikikosekana, muuzaji ajulishwe siku hiyohiyo, wakati bado inawezekana kujua ilitokea wapi, dukani au njiani.

Muda wa kuleta tangazo

Kwa Siku ya Mama ya tarehe 10 Mei, tangazo lenye siku ya mwisho Jumatatu tarehe 4 linapaswa kuanza kusikika angalau wiki mbili kabla, yaani kuanzia Jumatatu tarehe 20 Aprili. Wasikilizaji wetu wengi wanahitaji siku za kuuza kuku, kukusanya mchango na ndugu, au kusubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Kumbuka pia kwamba tarehe 1 Mei ni Sikukuu ya Wafanyakazi, na mwaka 2026 inaangukia Ijumaa. Aliyepanga kununua kanga Ijumaa hiyo anaweza kukuta maduka ya jumla yamefungwa. Anunue Alhamisi tarehe 30 Aprili, au asubiri Jumanne tarehe 5 kama tulivyopanga kwenye mfano wetu.